Usiombe "siku mbili tatu": kumwomba mteja tarehe mpya ukiwa na sababu ya kweli

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni mfasiri wa kujitegemea, na jioni nasoma shahada ya uzamili. Mteja alinipa ripoti ya kurasa 80, mwisho wa kukabidhi ni Ijumaa tarehe 13. Nilianza Jumatano iliyopita. Leo ni Jumanne tarehe 10, nimemaliza kurasa 38 tu, yaani sura tatu za kwanza. Siku tatu za mwanzo nilienda vizuri, kurasa 25. Siku tatu zilizofuata, kwenye sura yenye majedwali, nimepata 13. Zimebaki sura ya nne, kurasa 20 za maelezo matupu, na viambatisho kurasa 22 vilivyojaa majedwali. Sikuugua wala sikufiwa, nilikadiria vibaya tu. Naogopa nikisema hivyo ataniona sijui kazi. Nafikiria kuomba hadi Jumatatu. Na Alhamisi usiku natakiwa kumpelekea mhadhiri insha ya maneno 2,500, nimeandika 1,600. Nimwombe nani, na nisemeje?*

Marahaba. Kabla ya maneno ya kumwambia mteja, tuanze na hiyo Jumatatu, kwa sababu ndiyo itakayokuponza. Sababu yako ni nzuri kuliko unavyodhani, tarehe yako ni mbaya kuliko unavyodhani.

Umetuletea hesabu yote mwenyewe bila kuitumia. Ukigawa kurasa 38 kwa siku sita unapata kama kurasa sita kwa siku, na ukigawa kurasa 42 zilizobaki kwa sita unapata siku saba. Hata kwa hesabu hiyo, Jumatatu haitoshi. Ila wastani huo wenyewe unakudanganya, maana umechanganya kazi mbili zisizofanana. Maelezo matupu unatafsiri kurasa nane kwa siku. Majedwali, ambako kila kisanduku kina istilahi ya kuhakiki na kila neno refu linaharibu upana wa safu, unapata nne, ukijitahidi. Basi sura ya nne, kurasa 20 kwa kasi ya nane, ni siku mbili na nusu. Viambatisho, kurasa 22 kwa kasi ya nne, ni siku tano na nusu. Hizo ni siku nane, na bado hujahariri. Kuhariri ni kazi inayosahaulika kila mara kwenye makadirio kwa sababu haizalishi ukurasa mpya. Mfasiri makini anayesoma tafsiri yake sambamba na matini chanzi akimaliza kurasa 40 kwa siku amefanya kazi kweli. Ongeza siku mbili. Jumla ni siku kumi za kazi.

Sasa zipange kwenye kalenda, si kichwani. Naona hufanyi kazi Jumapili, na Alhamisi hii ni ya insha. Siku ya kwanza ni kesho Jumatano tarehe 11, ya pili ni Ijumaa 13, ya tatu Jumamosi 14, kisha Jumatatu 16 hadi Jumamosi 21 unapata sita, na ya kumi inaangukia Jumatatu tarehe 23. Ongeza siku mbili za akiba. Tarehe yako ya kweli ni Jumatano tarehe 25.

Najua umeshtuka. Ulitaka kuomba siku tatu, nami nakuambia kumi na mbili. Kila niliyemfanyia hesabu hii ameniambia, "Mteja hatakubali." Huenda. Lakini angalia kingetokea nini ungeomba Jumatatu. Angekubali bila shida, kwa kuwa siku tatu ni kitu kidogo. Jumatatu ungekuwa kwenye sura ya nne, na ungerudi kuomba mpaka Alhamisi. Alhamisi ungerudi tena. Niliwahi kuhariri kitabu cha mwandishi mmoja aliyeniomba siku tatu mara nne. Jumla yake ilikuwa siku kumi na mbili, si muda mrefu hata kidogo, na angeziomba kwa mkupuo mmoja ningempa siku hiyohiyo. Ila mara zote nne nilikuwa nimeshamwambia mpangaji kurasa ajiandae, na mpangaji ameshamwambia mpiga chapa. Ombi la nne lilipofika nafasi yetu kiwandani ilikuwa imepewa mtu mwingine, na kitabu kikangoja wiki kadhaa. Huyo mwandishi hakuwahi kunidanganya, na sababu zake zote zilikuwa za kweli. Kilichotuumiza kilikuwa tarehe zake.

Siku mbili za akiba usizione kama uvivu. Mwaka 1994 wanasaikolojia Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross walichapisha utafiti ambapo wanafunzi 37 waliokuwa wakimalizia tasnifu zao waliulizwa watatumia siku ngapi. Kwa wastani walisema kama siku 34. Wakaulizwa, na mambo yakienda mrama kabisa? Wakasema kama 49. Mwishowe walitumia kama 56. Yaani hata walipojaribu kuwaza mabaya matupu, bado walikadiria pungufu. Katika kazi hiyohiyo watafiti waliona kwamba mtu akitakiwa kukadiria kwa kuhusisha kazi iliyo mbele na yaliyomkuta kwenye kazi zilizopita, makadirio yake yanakaribia ukweli. Ndiyo maana nimehesabu kwa kurasa ulizokwisha kufanya na si kwa zile unazotumaini kufanya ukiamka alfajiri. Mpango wa kuamka alfajiri sote tunao.

Tuje kwenye sababu. Unaogopa kwamba "nilikadiria vibaya" itakushusha. Jiweke upande wa mteja. Akipokea barua inayosema "kutokana na changamoto zilizo nje ya uwezo wangu," anaelewa nini? Hajui changamoto imeisha au inaendelea, hivyo hana namna ya kupima kama tarehe mpya itashika. Na kwa jinsi neno hilo linavyotumika siku hizi, wengi wakiliona wanajua kuna jambo halisemwi. Ukimwambia majedwali yanachukua muda maradufu ya maelezo matupu, na kwamba hukuyahesabia ulipopanga, umempa kitu anachoweza kukikagua mwenyewe kwa kufungua ripoti. Zaidi ya hapo, sababu hiyo inaibeba tarehe. Kurasa 22 za majedwali zimebaki, kasi ni nne kwa siku, kwa hiyo siku ni hizi. Ugonjwa wa kubuni hauwezi kufanya hivyo. Na uongo una gharama ya baadaye. Ukisema mama anaumwa, mteja muungwana atakuuliza hali ya mgonjwa kila mkiwasiliana, nawe itabidi umponye polepole.

Mipaka ipo. Sababu ya kweli haina maana ya kusimulia yote. Mteja hahitaji kujua kwamba unasoma jioni, wala kwamba Alhamisi una insha. Ukilitaja hilo, atasikia kwamba kazi yake iko nafasi ya pili, na atakuwa hajakosea sana. Sentensi mbili za sababu zinatosha. Hata kama kweli kuna msiba au ugonjwa, kipimo ni hichohicho: sema kilichotokea, sema kimekupotezea siku ngapi, basi.

Kabla hujaandika, fanya mambo mawili. Kwanza, soma makubaliano yenu uone kama kuna kipengele cha adhabu ya kuchelewa. Kama kipo, kukaa kimya mpaka Ijumaa kunakugharimu. Pili, na hili ndilo wengi huliruka, jiulize ripoti hiyo inakwenda wapi baada yako. Tarehe ya mteja mara nyingi si moja. Huenda Ijumaa ilipangwa ili ripoti ipitiwe kabla ya kikao cha wiki mbili zijazo. Huenda kikao kitajadili sura ya kwanza hadi ya nne, na viambatisho havitafunguliwa na mtu. Ukijua hilo, ombi lako linabadilika. Badala ya kuchelewesha kurasa 80, unachelewesha 22. Kama hujui, muulize ndani ya barua yenyewe, na wakati huohuo jitolee kukabidhi kwa mafungu.

Mafungu yako yapo tayari. Kesho Jumatano hariri kurasa 38 ulizomaliza, kisha zikabidhi Ijumaa, siku ileile aliyoitarajia. Mteja aliyepokea karibu nusu ya kazi, safi, siku iliyoahidiwa, hana mashaka yale ya mteja aliyepokea maneno matupu. Ijumaa, Jumamosi na Jumatatu asubuhi unamaliza sura ya nne, mchana unaihariri, na unaiahidi kwa Jumanne tarehe 17. Viambatisho vinafuata, na ahadi yake ni tarehe 25. Kesho usiguse jedwali lolote. Kishawishi kitakuwa kuanza na kilicho kigumu, lakini fungu la Ijumaa ndilo linalobeba barua yako.

Barua itumwe leo. Si kesho, na Ijumaa asubuhi usifikirie kabisa. Leo mteja bado ana siku tatu za kupanga upya mambo yake, na siku hizo ndizo zawadi pekee uliyo nayo ya kumpa. Mimi ningeandika hivi:

*Mada: Tafsiri ya ripoti: ombi la kusogeza tarehe kutoka Ijumaa 13 hadi Jumatano 25*

*Habari za kazi.*

*Ripoti yote ya kurasa 80 haitakamilika Ijumaa tarehe 13 kama nilivyoahidi. Naomba kuikabidhi yote Jumatano tarehe 25, saa 10 jioni.*

*Nilikadiria kazi hii kwa kasi ya maelezo ya kawaida. Nilipofika sura ya tatu niliona kwamba kurasa zenye majedwali zinachukua muda maradufu, kwa sababu istilahi za kila safu zinahitaji kuhakikiwa. Kosa ni langu, nilipaswa kuliona hilo kabla ya kukubali tarehe. Zimebaki kurasa 22 za aina hiyo, zote kwenye viambatisho.*

*Napendekeza nikabidhi kwa mafungu matatu, kila fungu likiwa limehaririwa: sura ya 1 hadi ya 3 Ijumaa tarehe 13, kama tulivyopanga, sura ya 4 Jumanne tarehe 17, viambatisho Jumatano tarehe 25.*

*Kama kuna sehemu inayohitajika mapema zaidi, kwa mfano kwa ajili ya kikao, naomba unijulishe ili nibadilishe mpangilio. Nitakupigia kesho saa 4 asubuhi kupata jibu lako.*

*Samahani kwa usumbufu huu.*

Tazama baadhi ya vitu humo. Mada ya barua ina tarehe zote mbili, kwa hiyo mteja anajua unachotaka hata asipoifungua. Ombi limetangulia, sababu ikafuata. Sisi tumelelewa kuanza mbali, kumjulia mtu hali na kuzunguka kabla ya kufikia shida, na kwa mdomo huo ni uungwana. Kwenye barua pepe, msomaji anayepitia aya mbili za utangulizi anaanza kuhisi kuna msiba. Samahani imekuja mara moja, mwishoni. Ukiomba radhi mara nne unamlazimisha mteja aanze kukufariji.

Tena hakuna "Jumatano ijayo." Kwa wengine hiyo ni kesho, Jumatano ya wiki hii, kwa wengine ni ya wiki inayofuata. Andika siku na tarehe. Hakuna "siku mbili tatu," hakuna "mwanzoni mwa wiki," na hakuna "namalizia." Neno "namalizia" kwa wateja limeshakuwa na maana ya "sijafika nusu." Saa nayo iandikwe, pamoja na "jioni" au "asubuhi," maana kuna wanaosoma saa kwa hesabu ya Kizungu.

Sikukuwekea punguzo la bei kwenye barua. Wengi hulitoa haraka kwa hofu, na mteja ambaye angekubali bure anachukua pesa. Akiliomba mwenyewe, jadilini. Mafungu yatakayochelewa ni sura ya nne na viambatisho tu, basi punguzo lihusu kurasa hizo 42, lisihusu 80.

Ile simu ya kesho si mapambo. Kimya si ruhusa. Asipojibu na wewe ukaendelea kana kwamba amekubali, Ijumaa utakuwa umechelewa tu kama mwingine yeyote. Piga, upate "sawa" yake, kisha andika mstari mmoja wa kuthibitisha: "Asante, tumekubaliana Ijumaa 13, Jumanne 17 na Jumatano 25."

Je, akikataa? Usikimbilie kusema "basi nitajitahidi Ijumaa," kwa sababu umeshahesabu na unajua haiwezekani. Muulize ni kurasa zipi lazima ziwepo Ijumaa. Akisema zote, unaweza kupendekeza mfasiri wa pili achukue viambatisho, ila kwa idhini yake, maana ripoti inaweza kuwa ya siri, na kwa kumpa mwenzako orodha ya istilahi ulizokwisha kuzitumia, la sivyo neno moja litapata tafsiri mbili katika ripoti moja. Njia ya mwisho ni kumwachia viambatisho, apunguze malipo ya kurasa hizo, na wewe ukabidhi sura nne. Hiyo inauma, lakini bado inamwachia kitu cha kufanyia kazi.

Sasa mhadhiri. Usimwombe. Umebakiza maneno 900, ambayo ni kazi ya siku moja, na siku hiyo nimekuwekea Alhamisi. Kuna sababu nyingine pia. Mteja anaamua peke yake, lakini mhadhiri mara nyingi haamui. Amefungwa na kanuni za kozi, na akikupa wewe siku mbili inabidi ajieleze kwa wengine waliokesha wakakabidhi. Vyuo vingi vinataka ombi lipitie fomu pamoja na ushahidi, na shughuli za kikazi au makadirio mabaya kwa kawaida hayakubaliki kama sababu, hata yakiwa ya kweli kiasi gani. Kwa mteja ukweli wako una thamani kwa sababu unaeleza tarehe. Kwa mhadhiri unaweza kuwa wa kweli na bado usiingie kwenye orodha ya sababu zinazotambuliwa.

Siku ukilazimika, soma kwanza mwongozo wa kozi uone nani ana mamlaka ya kutoa muda na adhabu ya kuchelewa ni alama ngapi kwa siku. Wakati mwingine kupoteza alama chache kwa siku moja ni nafuu kuliko ombi lisilo na msingi. Ukiandika, iwe fupi: "Shikamoo Mwalimu. Naomba kukabidhi insha Jumamosi tarehe 14 saa 6 mchana badala ya Alhamisi tarehe 12. Tangu Jumatatu nimelazwa, na cheti cha daktari nimekiambatisha. Nimeambatisha pia maneno 1,600 niliyokwisha kuandika. Kama ombi hili linapaswa kupitia idarani, naomba unielekeze." Hiyo rasimu iliyoambatishwa inafanya kazi ileile ya fungu lako la Ijumaa. Na usiandike habari ya kulazwa kama hukulazwa. Vyeti huhakikiwa, na cheti cha kughushi ni kesi ya nidhamu, si ya alama.

Baki na jambo moja, kulinda hiyo tarehe 25, kwa sababu ombi la pili kwa mteja huyohuyo litapokelewa vibaya kuliko la kwanza hata liwe dogo namna gani. Jiwekee kituo cha kujipima Alhamisi tarehe 19 jioni. Siku hiyo viambatisho vitakuwa na siku tatu kamili, hivyo uwe na kurasa 12. Ukiwa na nane, umeshakula siku moja ya akiba. Bado uko salama, lakini Jumapili hiyo fikiria kuifanyia kazi. Ukiwa na sita au pungufu, kasi yako ni mbili kwa siku na kurasa 16 zilizobaki zinahitaji siku nane. Hapo mpigie mteja Alhamisi hiyohiyo, ukiwa na kurasa sita zilizohaririwa mkononi na tarehe iliyohesabiwa upya kwa kasi ya mbili, si ya nne.